Jinsi ya kuthibitisha kwamba aigenvekta zenye aigenvalyu tofauti zinajitegemea, hatua kwa hatua bila kuruka

Kuna swali moja la linia aljebra linarudi kwenye mitihani kila mwaka kama ada: "thibitisha kwamba aigenvekta za aigenvalyu tofauti zinajitegemea." Mimi mwaka wa kwanza nililikariri jibu lake neno kwa neno, nikaingia kwenye testi, nikasahau mstari mmoja tu wa katikati na nikashindwa kuujenga upya, kwa sababu sikuwahi kujua ule mstari unafanya kazi gani. Nilipata maksi 2 kati ya 8. Kwa hiyo hapa sikupi cha kukariri, nakuonyesha ule mstari wa katikati umetoka wapi, ukishauelewa vingine vyote unaviandika mwenyewe hata usiku wa manane umeme umekatika.

Ujanja mzima ni mmoja: unachukua mlinganyo mmoja, unauandika kwa njia mbili, halafu unatoa mmoja kwenye mwingine ili vekta moja ife na nyingine zibaki. Basi. Ila kabla ya kufika hapo lazima tuelewane maneno mawili, maana wengi wanakwama kwenye maneno na sio kwenye hesabu.

Hatua ya 1: weka maana mezani

Neno "aigen" ni la Kijerumani, maana yake ni kitu "cha mwenyewe", na alilianza kulitumia kwenye hesabu za namna hii David Hilbert mwaka 1904. Aigenvekta ni vekta ya matriksi mwenyewe, yaani matriksi ikiipiga haiitoi kwenye mstari wake, inairefusha tu, au inaifupisha, au inaigeuza iangalie nyuma, lakini mstari ni uleule. Kwa fomula:

```
A v = λ v,   v ≠ 0
```

Hiyo λ ndo aigenvalyu. Sasa angalia hiyo `v ≠ 0` vizuri, watu wanaiona kama pambo na kumbe ndo nusu ya uthibitisho. Vekta ya sifuri haihesabiwi kuwa aigenvekta kamwe, kwa sababu A mara sifuri ni sifuri kwa λ yoyote ile, ingekuwa aigenvekta ya kila namba na neno lenyewe lingekosa maana. Lakini λ yenyewe INARUHUSIWA kuwa sifuri. Vekta hapana, namba ndiyo. Andika hii pembeni ya daftari maana tutairudia huko mbele na itakuokoa.

Neno la pili ni kujitegemea. Vekta zinajitegemea kama hakuna hata moja unayoweza kuitengeneza kwa kuchanganya zile nyingine. Kwenye karatasi tunaandika hivi:

```
c₁v₁ + c₂v₂ + ... + cₘvₘ = 0
```

na tunasema zinajitegemea kama njia PEKEE ya kupata sifuri hapo ni kuweka c zote ziwe sifuri. Nimeandika pekee kwa herufi kubwa makusudi. Kuna mtu akiulizwa athibitishe kujitegemea anaandika "tukiweka c zote sifuri tunapata sifuri, kwa hiyo zinajitegemea", hapo ndugu yangu hujathibitisha kitu, hata vekta zinazotegemeana kabisa ukizizidisha zote kwa sifuri utapata sifuri. Kazi yetu inaanzia upande wa pili: tunachukua kwamba jumla ni sifuri, c hatuzijui, halafu tunazibana moja moja mpaka zikiri kwamba zote ni sifuri.

Hatua ya 2: anza na vekta mbili, tena kwa namba

Chukua hii:

```
A = [ 4  1 ]
    [ 2  3 ]
```

Vekta (1, 1) ukiipiga na A unapata (4+1, 2+3) = (5, 5), yaani mara 5 yake mwenyewe. Vekta (1, −2) ukiipiga unapata (4−2, 2−6) = (2, −4), yaani mara 2 yake. Kwa hiyo tuna v₁ = (1, 1) yenye λ₁ = 5, na v₂ = (1, −2) yenye λ₂ = 2.

Najua kwa macho tu unaona hizi mbili haziko kwenye mstari mmoja, na ungeweza kusolvu milinganyo miwili ukamaliza. Usifanye hivyo. Tunataka njia ambayo haiangalii namba zilizomo ndani ya vekta, inaangalia aigenvalyu peke yake, kwa sababu siku ya mtihani hautapewa namba. Anza hivi:

```
c₁v₁ + c₂v₂ = 0          (i)
```

Kwanza piga pande zote na A. Upande wa kulia A mara sifuri ni sifuri. Upande wa kushoto A inapita ndani ya jumla na namba c zinatoka nje, hiyo ni tabia ya kawaida ya matriksi, halafu kila vekta inabadilishwa kuwa aigenvalyu yake mara yenyewe:

```
5c₁v₁ + 2c₂v₂ = 0        (ii)
```

Sasa rudi kwa (i), usiiguse na A safari hii, izidishe kwa namba 2 ya kawaida tu:

```
2c₁v₁ + 2c₂v₂ = 0        (iii)
```

Huu ndo ule mstari wangu wa katikati niliousahau. Kwa nini 2? Kwa sababu kwenye (ii) v₂ imebeba 2, na sisi tunataka v₂ ibebe kitu kilekile kwenye milinganyo yote miwili ili tukitoa ifutike. Ni kama zile hesabu za sekondari za milinganyo ya x na y, ulikuwa unazidisha mmoja ili y zilingane halafu unatoa, ni jambo lilelile tu limevaa suti. Toa (iii) kwenye (ii):

```
3c₁v₁ = 0
```

v₁ sio sifuri (unaikumbuka ile pembeni ya daftari?), 3 sio sifuri, kwa hiyo c₁ = 0. Rudisha kwenye (i), inabaki c₂v₂ = 0, na v₂ nayo sio sifuri, kwa hiyo c₂ = 0. Imeisha, zinajitegemea.

Sasa jiulize ile 3 imetoka wapi. Ni 5 − 2. Ni λ₁ − λ₂. Hapo ndo neno "tofauti" kwenye swali linapofanya kazi, na ni hapo tu. Kama aigenvalyu zingekuwa sawa, tuseme zote 5, tungepata `0·c₁v₁ = 0`, sentensi ambayo ni kweli lakini haisemi lolote kuhusu c₁, inaweza kuwa 0 inaweza kuwa 700. Uthibitisho haungesema uongo, ungenyamaza tu.

Hatua ya 3: vekta tatu, na moja iwe na aigenvalyu sifuri

Hapa ndo utaona mchezo unavyoshuka ngazi. Nimechagua hii makusudi:

```
    [  1  −1   0 ]
A = [ −1   2  −1 ]
    [  0  −1   1 ]
```

Aigenvekta zake ni u = (1, 1, 1), v = (1, 0, −1), na w = (1, −2, 1). Zipige mwenyewe kwa mkono, ni dakika mbili. A mara u inatoa (0, 0, 0), yaani λ = 0. A mara v inatoa (1, 0, −1), yaani λ = 1. A mara w inatoa (3, −6, 3), yaani λ = 3. Ukimwona mtu anashangaa kwamba λ = 0 inawezekana mwonyeshe u hapo, vekta yenyewe imejaa moja moja, haina sifuri hata kidogo, ila matriksi inaimeza.

Tunaanza kama kawaida:

```
c₁u + c₂v + c₃w = 0            (i)
```

Piga na A:

```
0·c₁u + 1·c₂v + 3·c₃w = 0      (ii)
```

Chagua nani afe. Mimi namuua w, wa mwisho, kwa hiyo nazidisha (i) kwa aigenvalyu yake ambayo ni 3:

```
3c₁u + 3c₂v + 3c₃w = 0         (iii)
```

Toa (iii) kwenye (ii):

```
−3c₁u − 2c₂v = 0
```

w ameondoka. Angalia tulichobaki nacho: ni mlinganyo wa vekta MBILI zenye aigenvalyu tofauti, na vekta mbili tulishamalizana nazo kwenye hatua ya 2. Hatuhitaji kurudia kazi. Tunajua mbili zinajitegemea, kwa hiyo namba zilizo mbele yao lazima ziwe sifuri, yaani −3c₁ = 0 na −2c₂ = 0. Kwa hiyo c₁ = 0, c₂ = 0, na ukirudi (i) inabaki c₃w = 0, w sio sifuri, c₃ = 0.

Kitu kimoja kinawachanganya watu hapa: namba za mbele sio c₁ na c₂ tena, ni −3c₁ na −2c₂. Kujitegemea kwa u na v kunasema namba ZILIZO MBELE ni sifuri, haijasema moja kwa moja kwamba c ni sifuri. Ni sisi tunaomalizia kwa kusema −3 sio sifuri kwa hiyo c₁ ndo sifuri. Huo mstari mdogo ukiuruka msahihishaji anakata maksi, na ana haki, maana ndo mahali pekee aigenvalyu kuwa tofauti kunapotumika.

Na hizo −3 na −2 ni 0 − 3 na 1 − 3. Sijui kama unaiona picha: kila aliyebaki hai anabeba tofauti kati ya aigenvalyu yake na ya yule aliyekufa.

Hatua ya 4: sasa andika kwa herufi

Tatu tumezishusha mpaka mbili, nne tungezishusha mpaka tatu, na kuendelea. Huku kushuka ngazi kwa ngazi ndo kunaitwa indaksheni, usiogope jina. Kwenye karatasi ya mtihani naandika hivi:

Ngazi ya chini kabisa ni vekta moja. Kama `c₁v₁ = 0` na v₁ ≠ 0 basi c₁ = 0. Kwa hiyo aigenvekta moja peke yake inajitegemea.

Sasa tuseme tumeshajua kwamba aigenvekta m−1 zenye aigenvalyu tofauti zinajitegemea, na tumeletewa m. Andika:

```
c₁v₁ + c₂v₂ + ... + cₘvₘ = 0
```

Piga na A, halafu pembeni zidisha mlinganyo huohuo kwa λₘ, toa. Kipande cha vₘ kinafutika kwa sababu kinakuwa cₘ(λₘ − λₘ)vₘ, na vinabaki hivi:

```
c₁(λ₁−λₘ)v₁ + c₂(λ₂−λₘ)v₂ + ... + cₘ₋₁(λₘ₋₁−λₘ)vₘ₋₁ = 0
```

Hizi ni vekta m−1, na tumesema zinajitegemea, kwa hiyo kila namba iliyo mbele ni sifuri: `cᵢ(λᵢ−λₘ) = 0` kwa kila i kuanzia 1 mpaka m−1. Mabano sio sifuri kwa sababu aigenvalyu zote ni tofauti, kwa hiyo cᵢ = 0. Rudi mlinganyo wa kwanza, umebaki `cₘvₘ = 0`, vₘ ≠ 0, kwa hiyo cₘ = 0. Mwisho.

Mistari sita au saba hivi. Matriksi yenyewe inaweza kuwa na namba kompleksi ndani, hakuna kinachobadilika, kwa sababu tulichotumia ni kutoa, kuzidisha, na ile sheria kwamba namba mbili zikizidishana zikatoa sifuri basi mojawapo ni sifuri.

Njia ya mkato kwa wasiopenda indaksheni

Mimi binafsi naipenda hii zaidi, ingawa kwenye mtihani naandika ile ya juu kwa sababu wengi wameizoea. Tazama kinachotokea ukiipiga aigenvekta vᵢ na (A − λⱼI), ambapo I ni ile matriksi ya utambulisho yenye moja kwenye ulalo:

```
(A − λⱼI) vᵢ = λᵢvᵢ − λⱼvᵢ = (λᵢ − λⱼ) vᵢ
```

Yaani hayo mabano ni kama panga lenye jina la mtu. Likikutana na mwenye jina lake, vⱼ, linamfanya sifuri. Likikutana na mwingine yeyote linampa tu namba isiyo sifuri na kumwacha aende zake. Kumbe ukitaka kumbakiza v₁ peke yake, piga mlinganyo wote na mapanga ya wengine wote kwa mpigo. Kwa ile matriksi ya hatua ya 3, kutafuta c₁ ya u, napiga (i) na (A − 1I)(A − 3I). v anakufa kwa panga la 1, w anakufa kwa panga la 3, na u anabaki na (0−1)(0−3) = 3:

```
3c₁u = 0   →   c₁ = 0
```

Kwa c₂ natumia panga la 0 na la 3, v anabaki na (1−0)(1−3) = −2, kwa hiyo −2c₂v = 0. Kwa c₃ natumia la 0 na la 1, w anabaki na (3−0)(3−1) = 6. Kila c inakiri peke yake bila kusubiri mwenzake. Na usihangaike nani atangulie kati ya mapanga, mpangilio wowote utatoa jibu lilelile kwa sababu kila vekta inachofanyiwa ni kuzidishwa kwa namba tu.

Ukizitazama hizi njia mbili vizuri utagundua kutoa λₘ mara mlinganyo kutoka A mara mlinganyo, kule hatua ya 4, ndo kupiga na (A − λₘI). Ni panga lilelile, kule tulilitumia mara moja kila ngazi, hapa tumeyatumia yote kwa pamoja.

Watu wanapoharibu

La kwanza na ndo linaloua wengi ni kugawanya kwa λ. Mtu anaanza vizuri, anasema tuseme v₁ = k·v₂, anapiga na A anapata λ₁v₁ = kλ₂v₂, halafu anaandika "gawanya pande zote kwa λ₁". Hapohapo amekwisha, kwa sababu hakuna aliyemhakikishia kwamba λ₁ sio sifuri, na tumeona u hapo juu ni aigenvekta halali kabisa yenye λ = 0. Dawa ni kuzidisha badala ya kugawanya: chukua v₁ = k·v₂ zidisha kwa λ₁, unapata λ₁v₁ = kλ₁v₂, toa na ile nyingine, `0 = k(λ₂−λ₁)v₂`. Mabano sio sifuri, v₂ sio sifuri, basi k = 0, lakini hapo v₁ ingekuwa sifuri ambayo hairuhusiwi. Kila ukijikuta unagawanya kwa kitu kwenye huu uthibitisho simama, jiulize nani kasema sio sifuri. Kitu pekee unachoruhusiwa kugawanya nacho ni tofauti ya λ mbili.

La pili ni kuthibitisha mbilimbili halafu kudai umemaliza. Anaonyesha v₁ na v₂ haziko mstari mmoja, v₂ na v₃ haziko, v₁ na v₃ haziko, anaandika "kwa hiyo zote tatu zinajitegemea". Hapana. Chukua (1, 0), (0, 1) na (1, 1) kwenye karatasi, hakuna mbili zilizo mstari mmoja, lakini ya tatu ni jumla ya mbili za kwanza, kwa hiyo zinategemeana waziwazi. Mbilimbili haitoshi kamwe kuanzia tatu kwenda juu, ndo maana tunahitaji ngazi za indaksheni au yale mapanga.

La tatu, watu wanachanganya kujitegemea na kukaa pembe mraba. Ile matriksi ya hatua ya 3 ina ulinganifu, upande wa juu wa ulalo ni sawa na wa chini, na kwa matriksi za namba halisi za hivyo aigenvekta za aigenvalyu tofauti kweli zinakaa pembe mraba. Lakini hilo ni zawadi ya ulinganifu. Rudi hatua ya 2: (1, 1) na (1, −2), zidisha na kujumlisha unapata 1 − 2 = −1, sio sifuri, kwa hiyo haziko pembe mraba, ila zinajitegemea vizuri tu. Ukitumia pembe mraba kwenye uthibitisho wa jumla umethibitisha kwa matriksi chache na swali limeuliza zote.

Na la nne ni kusoma nadharia kinyumenyume. Inasema aigenvalyu zikiwa tofauti basi aigenvekta zinajitegemea, haijasema zikiwa sawa basi zinategemeana. Aigenvalyu ikijirudia lolote linaweza kutokea na lazima uangalie matriksi yenyewe. Linganisha hizi mbili:

```
B = [ 1  0 ]        C = [ 1  1 ]
    [ 0  1 ]            [ 0  1 ]
```

Zote mbili zina λ = 1 peke yake, imejirudia mara mbili. Kwa B kila vekta isiyo sifuri ni aigenvekta, kwa hiyo unaweza kuokota (1, 0) na (0, 1) ambazo zinajitegemea, au ukaokota (1, 0) na (2, 0) ambazo zinategemeana, ni wewe tu. Kwa C ukisolvu (C − I)v = 0 unapata y = 0, yaani aigenvekta zote zimelala kwenye mstari wa x, hata utafute mpaka jioni hutapata mbili zinazojitegemea. Ndo maana C haiwezi kugeuzwa kuwa ya ulalo.

Unapata nini baada ya hapo

Kuna matokeo mawili yanadondoka bila kutoa jasho. Nafasi ya daimensheni n haiwezi kubeba vekta zaidi ya n zinazojitegemea, kwa hiyo matriksi ya n kwa n haiwezi kuwa na aigenvalyu tofauti zaidi ya n, na tumejua hivyo bila hata kugusa ditaminanti. Na zikitimia n kamili, zote tofauti, basi aigenvekta zake n zinatosha kuwa msingi wa nafasi nzima, na matriksi inageuzwa kuwa ya ulalo bila ubishi wowote.

La tatu ndo napenda kuwapa watu walifanye wenyewe, kwa sababu halina matriksi kabisa. Angalia kitendo cha kudifarenshieti kama ndo A yetu. Ukidifarenshieti e^x unapata e^x, e^(2x) unapata 2e^(2x), e^(3x) unapata 3e^(3x). Hizo ni aigenvekta, ni vile tu ni funksheni, na aigenvalyu zake ni 1, 2 na 3. Kudifarenshieti kunapita ndani ya jumla na kuacha namba nje kama matriksi inavyofanya, na hicho ndo kitu pekee tulichokihitaji kutoka kwa A. Basi tuseme kwa kila x:

```
a·e^x + b·e^(2x) + c·e^(3x) = 0
```

Difarenshieti, toa mara 3 ya mlinganyo wa mwanzo:

```
−2a·e^x − b·e^(2x) = 0
```

Rudia, difarenshieti tena na utoe mara 2 ya huu mpya. Kipande cha e^(2x) kinakuwa −2b + 2b, kimekufa, na cha e^x kinakuwa −2a + 4a:

```
2a·e^x = 0
```

e^x haiwi sifuri popote, kwa hiyo a = 0, ukirudi nyuma b = 0, halafu c = 0. Ila chunga ile "kwa kila x". Kuna mtu atakuja na x = 0 peke yake, atapata a + b + c = 0, atakuambia a = 1, b = −1, c = 0 inafanya kazi kwa hiyo zinategemeana. Mwambie ajaribu hizohizo kwenye x = 1, atapata e − e², ambayo ni karibu −4.67. Sifuri tunayoiongelea ni funksheni nzima ya sifuri, sio nukta moja ambayo kwa bahati imeangukia hapo.